Kuandika uthibitisho kwa maneno yako bila kuficha ulichokichukua kitabuni

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeingia darasa la analisisi ya namba halisi huambiwa mambo mawili yanayoonekana kugongana: andika uthibitisho kwa maneno yako mwenyewe, na usitumie kitu chochote bila kusema umekitoa wapi. Nimesahihisha mazoezi ya darasa hili kwa muda, na naona wengi wanakwama kwa sababu hawajatenganisha kinachopaswa kubaki kama kilivyo kitabuni na kinachopaswa kutoka kichwani mwao. Nitatumia swali moja ambalo halikosi kutolewa kila mwaka.

Swali ni hili: fanksheni f isiyokatika kwenye kipande funge [a, b] ina mipaka, yaani kuna namba M ambayo |f(x)| haiipiti kwa x yoyote kipandeni. Thibitisha.

Uthibitisho wa kawaida unakwenda hivi. Chukulia f haina mipaka. Basi kwa kila namba asilia n tunapata x_n ndani ya [a, b] ambapo |f(x_n)| > n. Mfuatano wa x_n umebanwa kati ya a na b, kwa hiyo ndani yake upo mfuatano mdogo unaoelekea kwenye kikomo, tukiite c. Kikomo hicho kimo ndani ya [a, b]. Kwa kuwa f haikatiki, thamani za f kwenye mfuatano mdogo zinaelekea f(c). Mfuatano wenye kikomo una mipaka, lakini thamani hizi tulizichagua zizidi kila namba. Mambo mawili hayo hayawezi kukaa pamoja.

Ni mistari michache tu, na imekopa mara nne. Kuwepo kwa mfuatano mdogo wenye kikomo ni theoremu ya Bolzano na Weierstrass. Kwamba c haitoki nje ya [a, b] ni theoremu nyingine, ile inayosema vikomo vinalinda alama ya ≤. Kwamba f(x) inafuata x hadi kwenye kikomo ni kigezo cha mifuatano. Na kwamba mfuatano wenye kikomo una mipaka ni theoremu ya nne. Kila moja inastahili kutajwa palepale inapofanya kazi, ndani ya sentensi, kwa jina au kwa namba yake kitabuni. Ukizirundika zote mwishoni, msomaji hawezi kujua ipi imebeba hatua ipi. Kwa upande mwingine, usitaje chanzo cha hesabu za kawaida, kama kusema kwamba n_k, yaani nafasi ambayo mwanachama wa k wa mfuatano mdogo alikuwa nayo kwenye mfuatano wa x_n, si ndogo kuliko k. Mtu wa darasa lako anaiona mwenyewe.

Hapo kwenye kigezo cha mifuatano ndipo pa kuangalia sana. Vitabu vingi vinaeleza kutokatika kwa ε na δ, kisha vinathibitisha kwamba maana hiyo ni sawa na ile ya mifuatano. Vingine vinaanza na mifuatano, na hiyo ndiyo inakuwa fasili yao. Kwa hiyo sentensi ileile, "f haikatiki, basi f(x_n) inaelekea f(c)", kwenye kitabu kimoja ni theoremu na kwenye kingine ni fasili. Ukiandika "kwa fasili" huku kitabu chako cha kozi kimeanza na ε na δ, umeruka hatua, na msahihishaji ana haki ya kukukata alama. Ndiyo maana mstari wa kwanza wa kazi yako useme unafuata fasili ya kitabu gani.

Na fasili yenyewe usiipambe. Agizo la kutumia maneno yako ni la uthibitisho, halihusu fasili. Nimekutana na karatasi ambapo mwanafunzi, kwa kuogopa kuonekana amenakili, aliandika kwamba "kwa kila ε kuna δ inayofaa kwa kila c kipandeni". Alidhani amebadilisha mpangilio wa sentensi tu. Lakini kitabu kilikuwa kimemtaja c kwanza, kisha ε, ndipo δ ikafuata, kwa hiyo δ inaruhusiwa kubadilika kila unapohamia c nyingine. Alichoandika yeye ni kutokatika kwa usawa, ambalo ni sharti zito zaidi. Nakili fasili na tamko la theoremu kama vilivyo, pamoja na masharti yake yote, taja vilikotoka, kisha endelea.

Kinachotakiwa kiwe chako ni mlolongo wa sababu. Kubadilisha x_n kuwa y_n na c kuwa p hakuufanyi uthibitisho kuwa wako, na ni rahisi kutambua aliyefanya hivyo, kwa kuwa anarudia maneno "kipande ni funge" bila kuonyesha yanafanya kazi gani. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: funga kitabu, andika uthibitisho, kisha uujaribu kwenye f(x) = 1/x juu ya (0, 1], ambako mwisho wa 0 haumo. Fanksheni hii haikatiki na haina mipaka, hivyo uthibitisho wako lazima uvunjike mahali fulani. Chagua x_n = 1/(n+1), na f(x_n) ni n+1, zaidi ya n. Mfuatano unaelekea 0, na 0 haimo ndani ya (0, 1]. Umevunjika kwenye hatua ya pili, pale tuliposema c haitoki nje. Kama karatasi yako inapita bila kuvunjika popote, umeiacha hatua hiyo au umeiandika bila kuielewa.

Limebaki deni moja ambalo wengi hawalioni. Ule ujanja wa kuchagua x_n ili |f(x_n)| ipite n haumo kwenye theoremu yoyote kati ya zile nne. Ni wazo la uthibitisho, na kama ulilipata kitabuni, liandikie sentensi moja: "Uchaguzi wa x_n unafuata uthibitisho wa kitabu cha kozi, maelezo mengine ni yangu." Sijaona msahihishaji akimwadhibu mtu kwa sentensi hiyo.

Jina la theoremu nalo halitoshi kueleza ulikoitoa. Kanuni ya L'Hôpital inaitwa hivyo kwa sababu ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1696, ingawa aliyeigundua ni Johann Bernoulli, aliyekuwa akilipwa na L'Hôpital kumtumia ugunduzi wake. L'Hôpital mwenyewe aliwashukuru akina Bernoulli katika dibaji. Jina hukuambia theoremu inaitwaje, na chanzo chako ni ukurasa ulioufungua wewe.

Kuna njia ya mkato inayovutia: kuandika tu kwamba f inafikia thamani yake kubwa na ndogo kwenye [a, b], hivyo ina mipaka. Theoremu hiyo ni ya kweli, lakini vitabu vingi vinaithibitisha kwa kutumia hilihili unaloulizwa, na hapo unakuwa umezunguka na kurudi ulipoanzia. Kuangalia kama namba yake inakuja baadaye ni dalili nzuri, ila haitoshi. Fungua uthibitisho wake usome umeegemea nini. Kitabu kinachoanza na seti kompakti kinaweza kuifikia kwa njia nyingine, na ukifuata hicho, kitaje waziwazi pamoja na toleo lake, kwa maana namba za theoremu huweza kuhama toleo jipya likitoka.