Kumuaga rafiki ambaye hamjagombana

Tulikuwa chumba kimoja chuoni. Miaka mitatu sasa tunatumiana salamu za sikukuu tu. Ni lazima nimuage, au niache yafe yenyewe?

Mara nyingi si lazima. Kama nyote mmepoa na hakuna anayemsubiri mwenzake, ukimya umeshawaagia. Kuaga kunahitajika pale ambapo mmoja bado yuko mlangoni: anakualika kila shughuli, anakutafuta wiki hadi wiki, nawe ukiona jina lake kwenye simu moyo unakusuta.

Usitafute mkosaji. Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, alikadiria mwaka 2018 kwamba urafiki wa karibu huchukua zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja. Bwenini saa hizo mlizipata bila kuzipanga, mkipika, mkifua, mkisubiri umeme urudi. Mmoja akipangiwa kazi Mwanza na mwingine Mtwara, hakuna tena anayewapa hizo saa. Hilo ndilo ujumbe wako unapaswa kulibeba.

Nimeandika mara nne nikafuta. Nianzie wapi?

Anzia kwenye jambo moja lililotokea kweli. Ukisema "ulikuwa rafiki mwema sana" atajisikia kama anasomewa wasifu wa marehemu. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za siku, shoga yangu. Leo nimepita stendi nikakumbuka siku ile nilipoibiwa pochi, ukanigawia nusu ya nauli yako. Sijasahau. Naona miaka hii kila mmoja wetu ameshika njia yake, na mazungumzo yetu yamebaki ya sikukuu. Hujanikosea chochote, wala sina kinyongo. Nimeona nikwambie wazi, tuache kuahidiana 'tutafutane' halafu tusitafutane. Usijione una deni la kunipigia, nami sitajiona nalo. Kama kuna mahali nilikukwaza, nisamehe. Nakuombea heri wewe na wanao. Si lazima unijibu."

Angalia kilichoachwa. Hamna "siku hizi umebadilika", maana hilo ni shtaka. Hamna "labda siku moja", kwa kuwa atalishika neno hilo na kuhesabu siku. Hamna "nimebanwa na kazi" pia. Hilo la mwisho linaniuma mimi mwenyewe. Niliwahi kumwandikia rafiki kwamba nimetingwa, nikidhani namstahi. Alinisubiri karibu mwaka mzima, kisha akapiga kuuliza kwa upole kama sasa nimepata nafasi. Mtu aliyetingwa husubiriwa. Nilipaswa kumwambia ukweli siku ile ya kwanza.

Tuma kwa maandishi. Simu inamlazimisha ajibu papo hapo, kabla moyo haujatulia, na ujumbe wa sauti unaotetemeka utamfanya aanze kukubembeleza wewe. Chagua siku ya kawaida, mchana. Kama ana mgonjwa, ana msiba au ndiyo kwanza amejifungua, subiri.

Ana elfu themanini zangu. Nimkumbushe humo humo?

Hapana. Fedha na kwaheri zikikaa ujumbe mmoja, atasoma fedha tu, na ile pochi ya stendi itageuka kuwa utangulizi wa kumdai. Maliza deni kwanza. Mdai kwa ujumbe wake peke yake, au msamehe na umwambie umesamehe, kisha acha wiki kadhaa zipite. Mkiwa kwenye mchezo mmoja wa kupeana fedha, ngojeni mzunguko uishe.

Binti yangu nilimpa jina lake. Na tukikutana msibani je?

Usomo ni wa mtoto. Huyo bado ni somo yake, akitaka kumtumia zawadi au kumjulia hali usimzuie, wala usimfiche mtoto jina limetoka wapi. Kwenye kuaga ongeza sentensi moja tu: "Somo yako yuko salama, na mlango wake kwako uko wazi."

Msiba nao haungoji urafiki. Akifiwa, nenda au toa mchango wako, mpe mkono, mpe pole, kaa na wenzako. Uliyemuaga ni mwandani wa kila siku. Jirani na binadamu mwenzako hujamuaga, na kwetu kutokanyaga matanga kunasomeka kama uadui hata ujumbe wako uwe mtamu vipi.

Nimetuma. Amejibu: "Nimekukosea nini?"

Mjibu siku hiyo hiyo, mara moja, kwa maneno machache: "Hujanikosea. Maisha yametupeleka mbali, na nilitaka kukuaga kwa heshima." Akisisitiza, kishawishi kitakuja cha kufukua kijambo cha miaka saba iliyopita ili apate sababu ya kushika. Usimpe, atabaki nacho kifuani na hakikuwa sababu. Akiandika kwa uchungu, msome hadi mwisho na usijitetee.

Ila ukisoma jibu lake ukajikuta unataka kupanda basi umfuate, basi mpigie umwambie hivyo hivyo.