Nukuu ya kufungulia sura

"Sura yangu ya pili naianza na mistari miwili ya wimbo. Niweke alama za kunukuu na tanbihi? Na ruhusa je?"

Alama za kunukuu acha. Nukuu ikikaa peke yake chini ya kichwa cha sura, imesogezwa ndani, inajitambulisha yenyewe. Mstari wa chini weka kistari, jina la mtunzi na jina la kazi. Tanbihi kwa kawaida haiwekwi, ingawa mwongozo wa chuo chako ndio wenye neno la mwisho. Ila ukija kuichambua ndani ya sura, itaje kama chanzo kingine chochote.

Ruhusa ndiyo ngoma nzito. Mchangiaji mmoja hapo juu kwenye mjadala huu aliyesema kwamba chini ya maneno 50 uko salama amepatia nusu: wapo wachapishaji wenye kanuni za namna hiyo, lakini sheria haitaji idadi. Chukua wimbo wa mistari 12: miwili ni sehemu moja ya sita ya kazi nzima! Tena nukuu ya mapambo wewe huichambui, kwa hiyo utetezi wa matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa kwa sababu kama uchambuzi, unadhoofika. Kwenye tasnifu ya kukabidhi chuoni mara nyingi hakuna anayeuliza. Siku ikigeuka kitabu, mchapishaji atauliza.

Mimi mmiliki hakunijibu miezi minne, nikaitoa. Sura haikupungukiwa kitu, jambo lililoniudhi kidogo.

@juu, uliyeichanganya nukuu hii na shukrani na tabaruku: hizo ni kurasa nyingine kabisa, ndugu.