Awamu mbili za kusoma barua pepe, na mlio wa wateja wachache tu

Swali: Ninapokea oda katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Simu inalia kila barua pepe ikiingia, naacha ankara katikati. Nilizima mlio nikawa nafungua barua asubuhi na jioni tu, nikakosa oda ya mteja wa Busia. Gari likaondoka saa sita bila mzigo wake. Nifanyeje?

Jibu: Acha gari likupangie saa. Kama kupakia huchukua saa moja hivi, soma saa nne na nusu asubuhi, na uwaambie wateja kwamba oda itakayoingia baadaye itaenda na gari la kesho. Awamu ya pili iwe saa tisa na nusu, wasambazaji wakiwa bado ofisini.

Kwenye Google Calendar weka tukio la 10:30 AM la nusu saa, lijirudie Every weekday. Jumamosi mkifungua, tumia Custom. Ondoa ukumbusho unaokuja wenyewe, weka wa dakika 5, utoshe kumaliza mstari wa ankara ulioko mkononi.

Kilichokuponza hasa ni kuzima milio yote. Kwenye kompyuta, ndani ya Gmail, tafuta barua za wateja wanaotegemea gari hilo, kwa anwani zao halisi:

```
from:(mteja1@mfano.com OR mteja2@mfano.com)
```

Geuza utafutaji huo uwe kichujio kinachobandika lebo DHARURA. Kisha kwenye simu ya Android, ndani ya mipangilio ya Gmail, gusa akaunti yako, ingia Manage labels, chagua DHARURA, washa Sync messages kwanza, halafu Label notifications. Rudi kwenye lebo ya Primary uzime mlio wake. Usichague None kwenye Notifications za akaunti nzima, maana hata DHARURA itanyamaza. Mwombe mteja mmoja aliyemo akutumie barua ya majaribio, kisha mtu asiyekuwemo atume yake. Ya kwanza ilie, ya pili ikae kimya. Orodha hiyo ilinde sana: anayestahili kuingia ni yule ambaye akichelewa kujibiwa, mzigo wake unabaki.

Saa ikifika, anza na oda za gari la siku hiyo, kisha barua kongwe. Kila unayoifungua iondoke: ijibiwe, iandikwe kwenye daftari la oda, au iahirishwe kwa Snooze. Ombi la bei ya mabati linalohitaji upigie wasambazaji watatu usilifanyie hapo. Litengee saa yake kwenye kalenda, la sivyo litameza nusu saa nzima.

Barua zikibaki karibu kila siku, ongeza awamu ifike dakika 45 kabla ya kufikiria awamu ya tatu. Wateja wakianza kupiga simu kuuliza kama umeona barua zao, awamu zako zimeachana mno. Na siku ya mwisho ya zabuni, mwongeze mnunuzi huyo kwenye kichujio tangu asubuhi, umtoe jioni.