Wakikuuliza «vos prétentions salariales», jibu nini?

Huku Mtwara barua pepe ya Kifaransa siyo muujiza tena. Gesi ya Mnazi Bay inaendeshwa na Wafaransa wa Maurel & Prom, na ng'ambo ya Ruvuma, kule Afungi, Msumbiji, kuna mradi wa gesi wa TotalEnergies. Nyuma yao zinakuja kampuni ndogo za kusafirisha mizigo, za ukaguzi na za ghala. Mdogo wangu wa Mikindani aliomba kazi kwenye mojawapo ya hizo ndogo, na baada ya wiki chache akaletewa mstari huu:

> Pourriez-vous nous préciser vos prétentions salariales ainsi que votre disponibilité ?

Yaani unataka mshahara kiasi gani, na unaweza kuanza lini. Kifaransa alikisoma hadi chuo, kwa hiyo lugha haikumsumbua. Alinipigia akasema, "Dada, nataka milioni mbili, naandika hivyo hivyo." Nikamwambia asubiri kwanza tupige hesabu.

Mfaransa akitaja mshahara kwenye mambo ya ajira, mara nyingi anataja *brut*, mshahara ghafi kabla ya makato. Sisi tukisema "nalipwa milioni mbili" mara nyingi tunamaanisha zinazoingia benki. Ukiandika namba tupu bila neno *brut* wala *net*, yule atasoma *brut*, na hana kosa lolote. Hapo ndipo watu wanapojiuza bei ya kutupa bila kujua.

Tuliifanya hesabu kwa mkataba wa Tanzania Bara. Kwanza inatoka NSSF, asilimia 10 upande wa mfanyakazi. Kinachobaki ndicho kinachokatwa kodi ya PAYE: ukivuka milioni moja kwa mwezi, kodi ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi hiyo milioni. Sasa weka 2,000,000 ghafi. NSSF inachukua 200,000, inabaki 1,800,000. Kodi yake ni 128,000 jumlisha 240,000, jumla 368,000. Mkononi zinabaki 1,432,000.

Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa inamlipa 2,100,000 ghafi, ambazo mkononi ni 1,495,000. Kwa hiyo ile barua aliyotaka kuituma ilikuwa inaomba mshahara mdogo kuliko aliokuwa nao, tena kwa heshima zote na *Cordialement* chini yake.

Ili apate milioni mbili za mkononi, tulirudi nyuma. Kwa mishahara ya ngazi hii njia ya mkato ipo: chukua unachotaka mkononi, toa 172,000, gawanya kwa 0.63. Inatoka kama 2,900,000. Hakiki: NSSF 290,000, kodi 611,000, mkononi 1,999,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika. Kama una makato mengine, mfano mkopo wa elimu ya juu, yaongeze kwenye hesabu yako kabla hujaandika chochote.

Upande wa pili wa kosa ni kurusha namba juu. Nimeona vijana wakitafuta mishahara ya Ufaransa mtandaoni, wanaibadilisha yuro kuwa shilingi, wanaituma. Kazi ikiwa ni *contrat local*, utalipwa kwa ngazi ya mishahara ya hapa, wao wanaiita *grille salariale*, na mshahara wa ofisa ghala wa Marseille hauna uhusiano nayo. Kama tangazo halisemi mkataba ni wa aina gani, uliza kabla ya kutaja kitu. Mdogo wangu aliwauliza watu wawili wanaofanya kazi kama hiyo karibu na bandari, siyo "mnalipwa ngapi", swali ambalo kwetu halijibiwi, bali "mtu wa miaka minne kwenye kutoa mizigo forodhani ukimpa milioni tatu ghafi, utakuwa umemzidishia?" Wote wawili wakasema hapana, ila ukipita tatu na nusu utaonekana unatania.

Tukaweka kiwango kuanzia 2,900,000 hadi 3,200,000. Ujue kwamba mwajiri ataiona namba ya chini kwanza, na mara nyingi atasimama hapo hapo. Kwa hiyo ya chini iwe ile unayoweza kuikubali usiku huo huo bila kununa. Pengo nalo lisiwe pana; ukiandika kati ya milioni mbili na nne, unamwambia hujui thamani yako. Barua ilitoka hivi:

> Bonjour Madame,
>
> Je vous remercie de votre message. Pour un contrat local basé à Mtwara, mes prétentions salariales se situent entre 2 900 000 et 3 200 000 TZS bruts par mois, sur 12 mois, hors transport et assurance santé. Ce montant tient compte de mes quatre ans d'expérience en dédouanement et en gestion d'entrepôt. Je reste ouverte à un échange sur l'ensemble de la rémunération.
>
> Je suis disponible après un préavis d'un mois.
>
> Cordialement,

Angalia namba zilivyoandikwa. Kwa Kifaransa maelfu yanatenganishwa kwa nafasi, na alama ya mkato ni ya desimali, ndiyo maana hakuna mkato hata mmoja pale.

*Sur 12 mois* ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kampuni nyingi za Kifaransa zinafikiri kwa mwaka, na nyingine zina mshahara wa kumi na tatu. Milioni 2.9 mara 12 ni 34,800,000. Ukiitaja hiyo ya mwaka peke yake, na wao wakaigawa kwa 13, kila mwezi unabaki na kama 2,677,000 ghafi. *Hors* nayo inasema usafiri na bima ya afya viko nje ya namba hiyo, kwa hiyo vinabaki mezani.

Neno *négociable* nililifuta kwenye rasimu yake. Likikaa pembeni ya namba linasomeka kama "punguza tu". Sentensi ya *l'ensemble de la rémunération* inaacha mlango wazi bila kushusha namba, kwa sababu inazungumzia malipo na stahili zote kwa pamoja. Kuna wanaoshauri uwarudishie swali, uulize wao wametenga kiasi gani: *Pourriez-vous m'indiquer la fourchette prévue pour ce poste ?* Sawa, lakini mara moja tu. Wakirudia kuuliza, taja namba, la sivyo utaonekana unakwepa.

Walijibu kwamba bajeti yao inaishia 2,800,000 *bruts*. Hiyo ni 1,936,000 mkononi. Hakubishana na namba. Aliomba gari la kazi limpitie Mikindani asubuhi na kumrudisha jioni, na bima ya afya imhusu na mtoto wake. Wakakubali vyote viwili kwenye simu. Nikamwambia asijiuzulu alipo mpaka *promesse d'embauche*, barua ya ahadi ya ajira, ifike, ikiwa imeandika *brut mensuel*, yaani ghafi kwa mwezi, idadi ya miezi, usafiri na bima. Ilipofika bima ilikuwemo, usafiri haukuwemo. Akaandika mstari mmoja wa kuwakumbusha, wakatuma nyingine iliyosahihishwa, ndipo akasaini.