Kahawa haitii nguvu, inazuia usingizi tu

"Nalinda usiku bandarini Mkoani. Kahawa chungu ya saa 4 hunichangamsha, lakini saa 10 alfajiri nakatika kabisa. Niongeze vikombe?"

Usiongeze, ndugu yangu. Ubongo ukiwa macho hukusanya adenosini, kemikali inayoleta usingizi ikishika vipokezi vyake. Kafeini iliyomo kwenye kahawa hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, kama ufunguo uliokwama kwenye kitasa. Nguvu haileti, na adenosini inaendelea kujaa. Baada ya muda wa saa 5 hivi, nusu ya kafeini imeshatoka, na usingizi uliolimbikizana unapata nafasi.

Deni hilo la usingizi hulipwa kwa kulala tu. Wakati wa mapumziko kunywa kikombe kimoja, kisha jilaze papo hapo dakika 20. Kafeini huanza kushika unapoamka. Kuanzia saa 8 usiku acha kabisa, la sivyo usingizi wa asubuhi utaharibika. Ukisinzia, usiendeshe pikipiki. Moyo ukienda mbio, muone daktari.