Gereji haionekani kwenye Google Maps: anza na kategori, rivyu za kununua achana nazo

"Wakuu, gereji yangu niliiweka Google Maps mwezi wa nne huu. Mtu akiandika jina inatokea, ila akitafuta fundi tu haipo kabisa. Rivyu ninazo mbili. Kuna jamaa ananiuzia rivyu 50, nichukue?"

Mkuu usichukue, ntakwambia kwa nini huko mbele. Mimi nina gereji ya AC za magari pale Sinza na nilipitia hayohayo. Kama kwa jina unatokea ila kwa huduma hutokei, basi usajili wako upo, tatizo mara nyingi ni kwamba Google hajaelewa unafanya kazi gani.

Mi nilipojisajili niliweka kategori kuu "Auto parts store", kwa sababu kaunta yangu ina kompresa na mabomba ya kuuza nikaona inafaa. Matokeo yake wanaotafuta duka la spea wananiona, anayetafuta fundi AC hanioni, na pesa yangu karibu yote inatoka kwenye ufundi. Nikaingia "Edit profile", kategori kuu nikaweka "Auto air conditioning service", lile la spea nikalishusha likawa la nyongeza. Ndani ya wiki kadhaa simu za watu nisiowajua zikaanza kuingia. Kategori kuu ni moja tu, ndo inayobeba uzito, za nyongeza unaruhusiwa mpaka 9 ila weka kazi unazofanya kweli.

Kwenye jina usiongeze maneno. Niliwahi kuandika jina la gereji halafu nikaongezea "fundi AC magari Dar bei nafuu", profaili ikafungiwa, ikabidi nirudishe jina lilivyo kwenye kibao na nitume picha ya kibao na leseni ya biashara ndo wakafungua. Siku zote hizo sikuonekana popote.

Halafu angalia pini. Yangu ilikaa barabarani mbele wakati geti liko uchochoroni nyuma, mteja anafika anapiga simu "mbona sikuoni", wengine wanaondoka kimya kimya. Isogeze mpaka juu ya geti lenyewe ukitumia picha ya setelaiti, kisha mpe mtu asiyepajua aje kwa ramani peke yake uone anaishia wapi.

Na usijipime ukiwa umekaa gerejini maana Google anaangalia na umbali, ukiwa hapo utajiona wa kwanza ukadhani mambo safi. Mwombe ndugu aliye mtaa mwingine aandike "fundi AC gari" akutumie picha ya skrini. Ila pia usitegemee mtu wa Mbagala akuone wewe wa Sinza kabla ya gereji zilizo karibu naye, umbali huo huna cha kuufanya.

Sasa rivyu. Mwanzoni niliwaomba vijana wangu na mabinamu, jioni moja zikaingia 11 zote nyota tano, wengi wao kwenye waifai ya gereji. Baada ya siku chache zikabaki 2. Za kununua ni hivyohivyo, zinatoka kwa akaunti zisizo na historia, zikifutwa hela imeenda, na Google anaweza kukuzuia usipokee rivyu mpya kwa muda. Kumpa mteja punguzo ili aandike nako hakuruhusiwi.

Ninachofanya sasa ni hiki. Kwenye profaili kuna "Ask for reviews", inakupa linki yako. Nikishampa mteja gari sisemi kitu, nasubiri siku mbili tatu AC iwe imeshapigwa na jua la mchana ndo namwandikia WhatsApp: "Habari kaka, AC inaendeleaje? Ukipata nafasi tuandikie hapa ulivyohudumiwa, zuri hata baya." Natuma kwa kila mteja, hata yule tuliyevutana naye bei, kuwachagua walioridhika peke yao ni kosa kwa masharti ya Google. Mwezi wa kwanza nilituma 30, wakaandika 9. Zikawa chache lakini zina maneno, mmoja kaandika AC ya Noah ilikuwa inatoa joto kumbe ni kondensa, na msomaji mwenye Noah akiona hivyo anapiga.

Ukipewa nyota moja na mteja wa kweli usihangaike kuripoti, Google haifuti kwa sababu tu imekuuma. Mimi mmoja alilalamika gesi imeisha ndani ya wiki. Nikamjibu palepale hadharani kwamba aje tupime uvujaji bila malipo, akaja, tukakuta oringi imekatika, ni uzembe wetu, tukabadilisha. Wiki ya pili akaibadilisha rivyu mwenyewe bila kuombwa.

Kategori yako kuu sa hivi inasomeka nini? Iweke hapa na kazi inayokuingizia zaidi tuangalie kama vinaendana.