Vijana wa gereji, futeni hiyo "natengeneza gari zote"

Juzi kijana kanitumia profaili yake niiangalie, nafungua tu nakutana na "Fundi wa gari zote, injini, umeme, gia boksi, bei poa". Jamani wadogo zangu, bado tu mnaandika hivi?

1. Andika namba ya modeli, jina peke yake halitoshi. Kuna dogo mmoja hapa gereji, mikono yake mizuri kweli, aliandika "mtaalamu wa gia boksi za IST". Na kweli alishazifanya nyingi, ila zote zilikuwa zile za zamani, NCP60, zenye otomatiki ya gia nne inayotumia haidroliki ya T-IV. Akaja mama mmoja ameiona hiyo profaili, ana IST yake kashika funguo anasema nataka kubadilisha oili ya gia boksi tu. Dogo akamwaga ya zamani, akaweka T-IV kama alivyozoea, gari ikaondoka. Kumbe ile ni NCP110, toleo lililoanza 2007, na hiyo ina CVT. Ndani hakuna gia za kupandisha moja moja, kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na unataka oili yake ya CVT, kule Toyota wanaiita CVT Fluid TC. Ukiweka haidroliki ya kawaida mkanda unateleza. Gari ikafika mlimani ikaanza kutetemeka, mshale wa rpm unapanda na gari haivuti, ikarudi kwa kuvutwa. Tukamwaga, tukaweka oili sahihi, wapi, puli zilishachubuka, na puli ikichubuka hata ubadilishe oili mara ngapi haiponi. Yule mama alilia pale pale, na mimi iliniuma sana maana alituamini kwa maandishi yetu wenyewe.

Namba yenyewe iko kwenye kibati ndani ya boneti, unafungua unasoma, basi! Kwa hiyo andika "IST NCP60, oili na ukarabati wa gia boksi".

2. Andika na usichofanya. "CVT sifungui" haimkimbizi mteja, anakuletea breki na saspensheni akiwa na amani.

3. Picha ya wewe umeshika spana haisemi kitu. Gari inamisi, mashine imesoma P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi, piga picha. Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, na ya pili uilete ya kwanza, futa kosa, endesha, pima tena. Ikisoma P0302 koili ndiyo mbovu, piga picha na hiyo. Ikibaki P0301 koili haina shida, nenda kwenye plagi na nozeli, usimnunulishe mtu koili bure. Weka hizo picha mbili na ile koili mbovu uliyomrudishia mwenyewe, mteja akiona hivyo anajua hubahatishi. Ila muombe ruhusa kwanza, na pleti namba uifiche.